Barafu Kavu Mkononi: Kwa Nini Baridi Huunguza

Niliitwa kuwa mmoja wa waamuzi katika maonyesho ya sayansi ya shule moja ya sekondari. Kwenye meza ya kona palikuwa na deli jeupe lililofunikwa kwa gazeti, na ndani yake vipande vya barafu kavu vilivyokuwa vikitoa ukungu uliotiririka mpaka sakafuni. Watoto walijazana. Mwalimu aliyesimamia meza aliitwa nje kidogo, na katika dakika hizo chache vijana wawili wa kidato cha pili wakawekeana shindano: nani atashika kipande kiganjani mpaka hesabu ya kumi. Wa kwanza alikitupa kwenye mbili. Wa pili alifumba ngumi, akakaza meno, wenzake wakahesabu kwa sauti. Walipofika sita uso wake ukalegea, akasema kwa mshangao, "Mbona haiumi tena?" Akaendelea mpaka kumi, akashangiliwa.

Alipofungua mkono, katikati ya kiganja palikuwa na doa jeupe, gumu, linalong'aa kama nta ya mshumaa. Alilibonyeza kwa kidole, hakusikia kitu. Jioni ile kiganja kilivimba, na kesho yake asubuhi kilikuwa na lengelenge lililojaa maji, kama la mtu aliyeshika sufuria ya moto. Alipofika zahanati alisema, "Nimeungua." Hakuna aliyemsahihisha, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya sekunde ile ya sita. Maumivu yanapokoma wakati mkono bado uko hatarini, mtoto hana tena kitu cha kumwonya. Mwalimu asipomweleza mapema, mwili wake hautamweleza.

Kiswahili chetu husema baridi imeniingia. Ni usemi mzuri kwa asubuhi ya Njombe au Limuru, lakini kwa jambo hili unapotosha, maana baridi si kitu kinachoweza kuingia mahali. Kinachosafiri ni joto, na siku zote hutoka penye joto zaidi kwenda penye joto dogo. Ukishika chuma cha baridi, joto la mkono wako ndilo linalohama. Ukishika sufuria ya moto, joto la sufuria ndilo linalokuja kwako. Mwili haujali sana mwelekeo wa safari hiyo. Unachokijali ni kasi yake, kwa sababu damu inaweza kusawazisha joto linalokuja au kuondoka polepole, lakini haiwezi kushindana na linaloondoka kwa fujo.

Sasa tazama umbali wenyewe. Ngozi ya kiganja ina joto la nyuzi 33 hivi. Maji yanayochemka yana nyuzi 100, yaani yako nyuzi 67 juu ya ngozi, na kila mama wa nyumbani anajua yanavyofanya. Barafu kavu, ambayo ni hewa ya ukaa iliyogandishwa, ina nyuzi 78 chini ya sifuri. Hiyo ni tofauti ya nyuzi 111 na ngozi yako. Naitrojeni ya kimiminika huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na tofauti yake na ngozi ni nyuzi 229. Kwa kipimo cha umbali peke yake, naitrojeni iko mbali na mwili wako zaidi ya mara tatu kuliko maji ya chai yaliyo jikoni.

Vitu hivi si vigeni kwetu kama wengi wanavyodhani. Naitrojeni ni sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, asilimia 78 yake. Ikipozwa na kugeuzwa kimiminika, huhifadhi mbegu za ng'ombe. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichoko Usa River, Arusha, na kile cha Kabete nchini Kenya huweka mbegu za madume kwenye mirija myembamba, mingi ikiwa na robo ya mililita, na mirija hiyo hukaa ndani ya mitungi ya naitrojeni. Mtaalamu wa uhimilishaji anayepita kijijini na pikipiki akiwa amefunga mtungi wa alumini nyuma amebeba nyuzi 196 chini ya sifuri. Shule nyingi zinazotaka kuonyesha naitrojeni huipata kwa watu wa mifugo au katika maabara ya chuo. Barafu kavu nayo hutokana na viwanda vya gesi, na hutumika kusafirishia samaki, nyama, aiskrimu na dawa zinazotaka baridi kali. Haiyeyuki kuwa maji. Hugeuka gesi moja kwa moja, na ndiyo maana ikaitwa kavu.

Mtu akisikia tarakimu hizo mbili, ataamua mara moja kuwa naitrojeni ndiyo ya kuogopwa na barafu kavu ni ndugu yake mpole. Ndivyo hata waalimu wengi wanavyozigawa: naitrojeni inashikwa na mwalimu peke yake, barafu kavu inawekwa mezani watoto waitazame. Mimi naona mgawanyo huo una kosa, na ili kulieleza inabidi tuende jikoni.

Mpishi wa chapati anapotaka kujua kama chuma kimepata moto, hurushia matone ya maji. Chuma kikiwa na moto wa wastani, tone hutandaa, huchemka kwa kelele na kukauka mara moja. Kikiwa na moto mkali sana, tone halikauki upesi. Linakuwa duara, linateleza na kucheza juu ya chuma kwa sekunde nyingi. Sababu ni kwamba sehemu ya chini ya tone imegeuka mvuke kwa haraka mno, na mvuke huo ukawa godoro linalolibeba tone lisikiguse chuma. Daktari wa Kijerumani Johann Gottlob Leidenfrost aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1756, na wanasayansi hadi leo hulitaja kwa jina lake.

Kwa naitrojeni ya kimiminika, ngozi yako ndiyo chuma cha chapati. Tone likidondoka kwenye mkono uliokunjuliwa, huchemka kabla halijagusa vizuri, likapanda godoro la gesi, likateleza na kuanguka. Ndiyo siri ya wale wanaorusha naitrojeni kidogo juu ya mkono mbele ya umati na wasidhurike. Watoto wakiona hivyo huondoka na somo baya kuliko yote, kwamba naitrojeni haiunguzi. Mwalimu, nakusihi, usiufanye mchezo huo hata kama umeufanya mara mia nyumbani.

Godoro la gesi hudumu tu pale kimiminika kinapokuwa huru kukimbia. Kikizuiwa, kinabaki. Soksi ya shule ikimwagikiwa naitrojeni huinyonya kama dodoso linavyonyonya maji, na ile soksi inayobana kifundo cha mguu inaishikilia pale pale mpaka itakapochemka yote. Mkono wa sweta ni hivyo hivyo. Glavu za kufuma, bangili, pete, saa, kamba ya kiatu, hata mikunjo ya kiganja kilichokunjwa kama kikombe, vyote ni mitego. Ndiyo maana majeraha ya naitrojeni huonekana zaidi chini ya nguo kuliko kwenye ngozi tupu, na ndiyo maana glavu mbaya ni hatari kuliko kukosa glavu.

Mtego mwingine ni chuma chenyewe kilichopoa. Kikombe cha bati kilichotoka kwenye naitrojeni hakina godoro lolote. Ukikigusa, unyevu wa kidole hugandia papo hapo na kidole kinanasa. Joto linakimbilia kwenye bati bila kizuizi, na mtu akishtuka na kuvuta, ngozi inabaki kwenye kikombe.

Turudi sasa kwa kijana wetu na kipande chake. Barafu kavu nayo hutoa gesi inapogusana na ngozi, kwa hiyo ina godoro lake dogo, na ndiyo sababu mtu anaweza kukigusa kipande kwa ncha ya kidole na kukiachia bila kuumia. Lakini barafu kavu ni jiwe. Haimwagiki ikaondoka. Ukifumba ngumi unaikandamiza, gesi inasukumwa pembeni, na jiwe linakaa juu ya ngozi moja kwa moja.

Juu ya hilo kuna jambo ambalo tarakimu za baridi hazilisemi. Kitu cha baridi hakipimwi kwa ubaridi wake tu, hupimwa pia kwa njaa yake ya joto. Gramu moja ya naitrojeni ya kimiminika, ili ichemke yote, huhitaji kunyonya jouli 200 hivi. Gramu moja ya barafu kavu, ili igeuke gesi yote, huhitaji jouli 570. Kwa uzito ule ule, barafu kavu inanyonya joto karibu mara tatu zaidi. Na kwa sababu ni nzito kuliko naitrojeni, kipande kinachojaa kiganja kinanyonya karibu mara tano ya kile ambacho naitrojeni ya ujazo ule ule ingenyonya katika kuchemka. Kugandisha gramu moja ya nyama ya mkono kunahitaji kuiondolea jouli 350 hivi. Piga hesabu ya kipande cha gramu 50, ukubwa wa andazi dogo: kina uwezo wa kunyonya zaidi ya jouli 28,000. Hakikosi nguvu ya kugandisha kiganja kizima. Kinachohitajika ni muda tu, na hesabu ya kumi iliutoa.

Ndani ya nyama kinatokea nini? Mwili wetu kwa sehemu kubwa ni maji yenye chumvi. Joto la ngozi likishuka chini kidogo ya sifuri, barafu huanza kujengeka, kwanza katika nafasi zilizo kati ya seli. Barafu haikubali chumvi, kwa hiyo maji yanayobaki yanakuwa makali zaidi kwa chumvi, na makali hayo huvuta maji kutoka ndani ya seli, kama chumvi inavyokamua maji ya kachumbari. Seli hunyauka. Baridi ikiwa kali na ya ghafla, kama ya vitu hivi viwili, maji hayapati hata nafasi ya kutoka. Barafu inajengeka ndani ya seli yenyewe na kupasua ngozi yake nyembamba. Seli iliyopasuka hivyo haiponi.

Mishipa ya fahamu hufa ganzi mapema kuliko hapo. Ngozi ikishuka mpaka nyuzi kama 10 hivi juu ya sifuri, huanza kushindwa kupeleka habari. Kwa hiyo maumivu huja, hupanda, kisha hukatika kabla nyama haijaganda. Kijana alipouliza mbona haiumi tena, alikuwa anatangaza kwamba mlinzi wake ameshalala na mwizi yuko mlangoni.

Sehemu ya pili ya jeraha huja wakati wa kuyeyuka. Mishipa midogo ya damu ambayo kuta zake zimeharibiwa na barafu huanza kuvuja. Maji yanayovuja hukusanyika chini ya ngozi ya juu na kuinyanyua, ndilo lengelenge. Damu huganda ndani ya mishipa mingine, na nyama iliyokuwa imenusurika baridi hufa kwa kukosa damu. Ndiyo maana jeraha hili huonekana baya zaidi kesho kuliko leo. Ukiangalia kwa macho huwezi kulitofautisha kirahisi na la maji moto: wekundu, uvimbe, malengelenge, kisha gamba jeusi kama limekwenda ndani. Njia mbili tofauti, mwisho mmoja. Madaktari wa ngozi huitumia hali hii kwa makusudi: hugusisha naitrojeni kwenye sugu au chunjua kwa sekunde chache, wakaiua nyama ile ndogo, nayo ikajidondokea baada ya siku kadhaa. Sekunde hizo chache mkononi mwa daktari ni zile zile alizozitumia kijana wetu, tofauti ni kwamba yeye hakuwa na chunjua la kuondoa.

Akiungua mwanafunzi, cha kwanza ni kumtenga na kile kinachomnyang'anya joto. Mvue soksi, glavu au pete upesi, ila nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Ilegeze kwa maji ya vuguvugu. Kisha rudisha joto kwa utaratibu: mkono ndani ya beseni la maji ya nyuzi 37 hadi 40, kwa dakika 15 hadi 30, ukiongeza maji ya moto kidogo pembeni yanapopoa, mbali na jeraha. Kama huna kipimajoto, tumia kiwiko chako, kama mama anavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Mtu wa uhimilishaji analijua joto hili kwa ndani, kwa sababu ndilo analoyeyushia mirija yake ya mbegu. Shule inayomwalika imwombe aje na chupa yake ya maji na kipimajoto, viwekwe mezani kabla somo halijaanza.

Wakati wa kuyeyuka mtoto atalia kwa maumivu. Hiyo ni dalili njema, maana mishipa ya fahamu inarudi kazini. Dalili mbaya ni ngozi inayobaki nyeupe, ngumu na isiyosikia kitu baada ya nusu saa, au lengelenge lenye damu badala ya maji meupe. Hapo baridi imekwenda chini sana. Usisugue, kwa sababu barafu iliyo ndani ya nyama hukata. Usimpeleke kwenye moto wala usimtumbukize kwenye maji ya moto, kwa sababu ngozi yenye ganzi haiwezi kumwambia kuwa sasa inaungua mara ya pili. Usipake dawa ya meno, siagi, mafuta wala asali. Funika kwa kitambaa safi kikavu bila kukaza, usipasue lengelenge, umpeleke kituo cha afya. Likiingia jichoni, mwaga maji safi yasiyo ya baridi kwa dakika 15 mfululizo huku jicho likiwa wazi, na safari ya hospitali ianze bila kungoja kuona kama litapona.

Sasa somo lenyewe. Tuchukue onyesho ambalo shule nyingi hulitaka: kulitumbukiza ua la mwarobaini, au jani la mgomba, kwenye naitrojeni na kulivunja kama kioo. Lita moja inatosha darasa zima, hakuna haja ya zaidi. Iletwe katika mtungi wake, ule wenye kuta mbili na ombwe katikati, uliojengwa kwa kanuni ya chupa ya chai. Lakini chupa ya chai ya nyumbani isitumike. Mfuniko wake wa kukaza hauachi gesi itoke, na kioo chake cha ndani kinaweza kupasuka kwa kupoa ghafla. Kizibo cha mtungi wa naitrojeni huketi tu juu, hakikazwi, na kinatakiwa kibaki hivyo.

Mwalimu anavaa miwani inayofunika macho pande zote, na kama ipo, ngao ya uso juu yake. Matone ya naitrojeni huruka, na jicho halina godoro la kutegemea. Glavu ziwe za ngozi, kubwa na zilegee, kiasi kwamba akitikisa mkono mara moja zinadondoka. Hazikusudiwi kuzamishwa, kazi yake ni kumkinga na matone na vyuma vilivyopoa, na kila kinachoingia na kutoka kwenye naitrojeni kishikwe kwa koleo. Suruali iangukie nje ya kiatu, isichomekwe kwenye buti, na viatu viwe vimefunika mguu wote. Wanafunzi wakae mita mbili au tatu nyuma. Wenye sandali na kaptula wakae nyuma ya wengine, si mbele.

Ukimimina, mimina polepole kwenye chombo cha stairofomu au cha chuma, chenye mdomo mpana. Chombo kikiwa na joto la chumba, naitrojeni ya kwanza itachemka kwa vurugu na kurusha matone. Subiri mpaka makelele yapungue, ndipo uongeze. Ukiingiza ua, mchemko utaanza tena, nao ukitulia ujue ua limeshapoa. Inachukua kama nusu dakika. Litoe kwa koleo, liweke mezani, uligonge kwa koleo lile lile. Vipande vitaruka na watoto watavikimbilia. Wakataze kuviokota mpaka viyeyuke na kulegea, kwa sababu kipande kilichonata kwenye kidole chenye jasho ni jeraha dogo la uhakika.

Naitrojeni inayobaki usiimwage kwenye sinki wala chooni, itapasua mabomba. Iache nje kwenye hewa, mahali watoto hawafiki, na mtu mzima aisimamie mpaka iishe. Barafu kavu ni hivyo hivyo. Usiitupe kwenye ndoo ya takataka, na wala usiifungie ndani ya chupa ya soda, debe au chombo chochote chenye kifuniko cha kukaza. Gesi inayozaliwa hainyamazi. Chupa itavimba mpaka ipasuke, na vipande vya plastiki hupenya macho. Hata deli lake lifunikwe tu, lisifungwe.

Sasa kuna hatari moja ambayo haiunguzi mtu, lakini imeua wengi kuliko kuungua. Lita moja ya naitrojeni ya kimiminika ikichemka yote huzaa karibu lita 700 za gesi. Kilo moja ya barafu kavu huzaa zaidi ya lita 500. Gesi hiyo haina pa kwenda ila kuisukuma hewa iliyokuwepo.

Tupime. Darasa la mita 9 kwa 7, lenye kimo cha mita 3, lina mita za ujazo 189. Lita 5 za naitrojeni zikimwagika humo, oksijeni inashuka kutoka asilimia 21 hadi 20.6 hivi. Hakuna atakayejua. Lakini mwalimu akiuhifadhi mtungi ule kwenye stoo ya maabara, mita 2 kwa 2 na kimo cha mita 2.5, na mtungi ukamwagika humo mlango ukiwa umefungwa, oksijeni inashuka mpaka asilimia 15, na karibu na sakafu chini ya hapo, maana gesi ya baridi ni nzito na hulala chini. Mtu anayeinama kuinua mtungi anaingiza kichwa pale palipo pabaya zaidi. Naitrojeni haina harufu, na mwili hauhisi upungufu wa oksijeni; unachohisi ni hewa ya ukaa inapozidi, na naitrojeni haiiongezi. Kwa hiyo mtu hahemi, hashtuki, analegea tu na kuanguka. Anayemkimbilia bila kufungua milango huanguka juu yake.

Hewa ya ukaa angalau huonya: pua huwasha, kichwa huuma, mtu huanza kuhema. Lakini huua pia. Februari 2020 mjini Moscow, kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa, watu walimimina barafu kavu nyingi kwenye bwawa la kuogelea lililo ndani ya jengo ili wapate ukungu wa kupendeza. Watu watatu walifariki. Mahali ambapo shule zetu zinaweza kurudia kosa hilo si bwawani, ni garini. Gari dogo lina mita za ujazo kama 3. Nusu kilo tu ya barafu kavu ikigeuka gesi njiani vioo vikiwa vimefungwa, hewa ya ukaa ndani yake inafika asilimia 8 au 9, na kuanzia asilimia 10 dereva anaweza kuzimia kwa dakika chache. Ibebwe kwenye pikapu, nyuma. Ikilazimu kuibeba ndani ya gari dogo, vioo vyote viwe chini.

Na isiliwe, isinywewe. Oktoba 2012, katika mji wa Lancaster, Uingereza, msichana aliyekuwa akisherehekea kutimiza miaka 18 alipewa kinywaji kilichotiwa naitrojeni ya kimiminika, akakinywa ikiwa bado haijachemka yote. Tumboni hakuna pa kukimbilia: kimiminika kinagandisha ukuta wa tumbo, na gesi yake inautanua mpaka upasuke. Madaktari waliliondoa tumbo lake la chakula ili kumwokoa. Moshi unaotoka kwenye bilauri unavutia watoto mno, na katika shule mwanafunzi mmoja tu anayetaka kuonja anatosha.

Kijana wa kiganja cheupe alipona baada ya wiki kadhaa, akiwa na kovu ambalo ngozi yake ni laini kuliko ilivyo pembeni. Deli lile halikuwa na kufuli, koleo halikuwepo, na maji ya vuguvugu yalitafutwa bwenini kwa robo saa. Mwalimu unayepanga onyesho la namna hii muhula ujao, panga kwanza vitu vitano mezani: miwani, glavu zinazolegea, koleo, beseni la maji ya vuguvugu, na mtu mzima wa pili atakayebaki na deli ukiitwa nje. Kama kimoja kimekosekana, ahirisha onyesho.